Anachanganya Kiswahili na Kiarabu: ni mfumo mmoja kichwani au miwili?

*Assalaam alaykum. Niko Maskati, mwanangu wa kike ana miaka 2 na miezi 3. Mimi namsemesha Kiswahili, babake Kiarabu. Anachanganya sana, sentensi moja ina vyote viwili. Mwalimu wa chekechea ananiambia lugha zimemuingilia kichwani, hajui ipi ni ipi, eti niache Kiswahili mpaka Kiarabu kikae sawa. Nimesoma mtandaoni pia kwamba watoto wadogo huanza na lugha moja iliyochanganyika, ndipo baadaye wanazitenga. Ni kweli? Nifanye nini?*

Waalaykum salaam dada. Nimepita hapo hapo ulipo. Mimi mzaliwa wa Unguja, mume wangu mzungumzaji wa Kiarabu, na mwanetu wa kwanza alipofika umri wa wako nyumba ilijaa washauri. Nilikuwa nimesoma isimu chuoni, na elimu yangu yote ikaishia kwenye daftari la skuli na simu ya kurekodia. Nakueleza nilichokiona.

Hayo uliyoyasoma mtandaoni hayakuzushwa. Mwaka 1978 watafiti wawili, Volterra na Taeschner, waliandika kwamba mtoto wa lugha mbili hupita hatua tatu: kwanza ana kapu moja la maneno, kisha makapu mawili lakini sarufi moja, mwisho kila lugha na maneno yake na sarufi yake. Walitumia takwimu za watoto watatu, wawili kati yao mabinti wa Taeschner mwenyewe waliokua na Kijerumani na Kiitaliano. Hoja yao kubwa kuhusu hatua ya kwanza ilikuwa kwamba mtoto hana majina mawili ya kitu kimoja. Akijua "maji" kwa lugha hii, hana neno lake kwa ile. Na anachanganya. Basi kapu ni moja.

Hoja hiyo ilivutia watu miaka kumi hivi. Mwaka 1989 mtafiti mwingine, Fred Genesee, akauliza swali jepesi kabisa: huo mchanganyiko, mtoto anaufanya akiwa na nani? Kama kichwani kuna kapu moja, mtoto atachota humo humo awe na mama au awe na baba, na kiasi cha kila lugha kitakuwa kile kile. Kikibadilika kwa kufuata mtu anayesemeshwa, basi mtoto anajua kitu. Kuhesabu mchanganyiko peke yake hakujibu swali. Lazima uhesabu kwa msikilizaji.

Mwaka 1995 yeye na wenzake wakaenda kuhesabu hivyo Montreal, kwa watoto watano wa Kifaransa na Kiingereza, umri baina ya mwaka 1 na miezi 10 na miaka 2 na miezi 2. Watoto walichanganya, lakini walitumia zaidi lugha ya mama kwa mama na ya baba kwa baba, hata wale ambao lugha moja ilikuwa imewazidi nguvu. Utafiti mwingine wa Genesee uliwajaribu watoto kwa watu wasiowajua kabisa, na huko pia walijaribu kumfuata mgeni kwa lugha yake. Kwa hiyo si mazoea tu ya kwamba uso huu una sauti hii.

Nami nikafanya vivyo hivyo. Binti yangu alikuwa na miaka 2 na mwezi 1. Nikarekodi nusu saa akicheza na mimi, na nusu saa nyingine akicheza na babake, vitu vya kuchezea ni vile vile. Usiku nikakaa na daftari, kauli moja moja. Na mimi alisema kauli 84: za Kiswahili 58, za Kiarabu 9, mchanganyiko 17. Na babake kauli 71: za Kiswahili 30, za Kiarabu 27, mchanganyiko 14.

Ukizitazama kwa haraka utasema mtoto huyu anamsemesha babake Kiswahili, amechanganyikiwa. Mume wangu alisema hivyo hivyo, tena kwa uchungu kidogo. Lakini linganisha Kiarabu kwa Kiarabu. Kwangu ni 9 katika 84, kama asilimia 11. Kwa babake ni 27 katika 71, asilimia 38. Mtoto asiyejua ipi ni ipi hawezi kuzidisha Kiarabu zaidi ya mara tatu kwa sababu tu aliyekaa mkekani ni baba. Alikuwa anakwenda kwa babake na Kiarabu chote alichonacho, kikimwishia anaziba pengo kwa Kiswahili. Mimi nikikosa neno Kiarabu sokoni hapa Maskati nafanya hivyo hivyo, na hakuna anayeniambia nina mfumo mmoja kichwani.

Kuna jambo lilinichekesha kwenye jozi za maneno, na wewe litakupata kwa sababu lugha zetu ni ndugu wa mkopo. Nilitaka kuona kama ana majina mawili ya kitu kimoja. Nikakwama papo hapo: "samaki" na *samak*, "sabuni" na *sabun*, "kitabu" na *kitab*. Ni jozi au ni neno moja? Nikaanza kuyatupa, halafu nikasikiliza tena rekodi. Kwangu alisema "samaki", irabu ya mwisho ikiwa wazi kabisa. Kwa babake *samak*, imekatwa. Mara moja tu aliniletea *samak* mimi. Neno la Kiswahili haliachwi bila irabu mwishoni hivyo, na mtoto wa miaka miwili alikuwa analijua hilo. Yale yasiyofanana, kama "maziwa" na *halib*, "mkate" na *khubz*, "gari" na *sayara*, alikuwa na jozi chache, si kwa kila kitu. Na huko si kushindwa. Barbara Pearson na wenzake waliwafuatilia watoto 27 wa Kiingereza na Kihispania Miami, wakakuta kwa wastani asilimia 30 hivi ya maneno ya mtoto yana mwenzake katika lugha ya pili, tangu mapema. Yanayobaki hayana mwenzake kwa sababu za nyumbani tu. Binti yangu hakuwa na neno la Kiarabu la mwiko wa kupikia kwa kuwa babake hajawahi kuushika.

Sasa nguvu ya lugha. Hapa ndipo mwalimu wa chekechea anapoona kitu cha kweli akakipa jina lisilo lake. Mchanganyiko una upande unaoelemea. Elizabeth Lanza alimfuatilia mtoto aliyemwita Siri huko Norwei, mama Mmarekani, baba Mnorwei, tangu miaka 2 mpaka 2 na miezi 7. Siri alipozungumza Kiingereza na mama, vile viungo vidogo vya sarufi vilitoka Kinorwei, lugha iliyomzidi nguvu, huku maneno yenye maana yakiwa ya Kiingereza. Mimi niliona sura hiyo hiyo. Binti yangu alisema *dada ananam*, mdogo wake kalala: *nam* ya Kiarabu ikavalishwa "ana-" ya Kiswahili. Kinyume chake, kitenzi cha Kiswahili kikavalishwa viambishi vya Kiarabu, sikukisikia hata mara moja mwaka ule. Alipotimiza miaka 4, baada ya mwaka mzima wa chekechea, mambo yakageuka: nikaanza kusikia *il-paka* na *il-mpira*, neno la Kiswahili limevalishwa *il-* ya Kiarabu. Kiswahili hakikuondoka, ila sasa sarufi iliyokuwa inakimbilia mbele ilikuwa ya Kiarabu. Mtu akiniuliza lugha yake ipi yenye nguvu, namuuliza: mwaka gani?

Usipime nguvu hiyo kwa urefu wa sentensi, kama wengi wanavyofanya. "Nyumba yangu" ni maneno mawili, *bayti* ni moja. Mtoto akijua vyote viwili sawasawa, Kiswahili kitaonekana kimetangulia bure. Ukihesabu viambishi nako kuna shida, kwa sababu watoto wetu huangusha vya mwanzo. Kamil Ud Deen aliwarekodi watoto Nairobi akakuta wanaacha kiambishi cha nafsi na cha wakati, lakini irabu ya mwisho wa kitenzi haianguki. Wakubwa wa huko nao huacha cha nafsi wakizungumza. Mimi nilihesabu vitenzi tofauti tu: vya Kiswahili vingapi, vya Kiarabu vingapi. Kwa nyumbani kinatosha kipimo hicho.

Na kabla hujakilaumu Kiarabu kwa kila kosa, msikilize mtoto asiyekijua. Wangu alisema "mpira hii" kwa muda mrefu. Nikasema basi, ngeli zimeharibika. Tulipokwenda Unguja likizo, mtoto wa jirani wa umri wake, Kiswahili kitupu, naye "mpira hii". Sisemi lugha haziathiriani. Mifumo ikiwa miwili bado inaweza kuazimana, na leo mabishano ya wataalamu zaidi yako hapo: wapi zinagusana, na kwa nini hapo. Ila kosa linalofanywa na watoto wote si ushahidi wa kugusana.

Kuna kitu kimoja chenu wenyewe cha kutazama, nacho ni mnavyomjibu. Lanza aliona mama wa Siri akiletewa Kinorwei alijifanya kama hakusikia vizuri, akauliza tena, au akarudia kwa Kiingereza kwa sauti ya kuuliza. Baba aliendelea tu na mazungumzo, na Siri alichanganyia maneno zaidi kwa baba. Kwetu mlegevu nilikuwa mimi. *Mama abgha maji*, nami nampa maji. Nilipoanza kuuliza "Unataka maji?" na kungoja kidogo, "nataka" ikarudi ndani ya wiki chache. Usimgomee maji mtoto mwenye kiu, lakini.

Ukiacha Kiswahili sasa, huondoi mchanganyiko, unaondoa yale maneno anayozibia mapengo. Atabaki na Kiarabu kile kile cha leo, na kimya pale kilipokuwa Kiswahili.

Wasiwasi wa kweli una sura nyingine. Kama ukijumlisha maneno ya lugha zote mbili hayafiki 50 hivi, au haungi maneno mawili kwa lugha yoyote, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au haitiki ukimwita kwa nyuma, mpeleke akapimwe, na aanze kwa masikio. Wako anaunga sentensi, tena kwa vitu vya lugha mbili.

Rekodi nusu saa zako mbili, wewe na babake, siku ambazo mtoto hajachoka. Chora safu tatu, uhesabu, uzilete hapa tuzitazame pamoja. Na zile *samak* na "samaki" ziandike pembeni, usizitupe kama nilivyotaka kufanya mimi.