Mpira wa puani utolewe lini?

"Baba alipata kiharusi, analishwa kwa mpira wa puani hapa Shela. Sasa ameanza kumeza uji. Tuutoe?"

Dada, pole kwa kuuguza. Msiutoe kwa sababu ya vijiko vichache vya uji. Kwanza apimwe kumeza hospitalini, maana wapo ambao chakula huwaingia mapafuni bila hata kukohoa.

Akiruhusiwa, mkalisheni wima, ale kwa mdomo kwanza, mpira ufuate. Tumbo lililojaa maziwa ya mpira halitamani bokoboko. Muulizeni mtaalamu wa lishe kama ya mpira yanaweza kuhamishiwa usiku, kichwa kikiwa kimeinuliwa, ili mchana apate njaa.

Andikeni alichokula, si mlichopakua. Tuseme amepangiwa kalori 1,600 kwa siku: akila 800, mpira unajaza 800 zilizobaki. Kipimo cha kuutoa mpira kinachotumika sana ni afikishe kwa mdomo kama robo tatu, yaani 1,200, siku 3 mfululizo, huku maji yakitosha, dawa akizimeza na uzito haushuki. Hapo daktari ndiye aamue. Maji ndiyo husahaulika: aliyepata kiharusi mara nyingi hupaliwa na chai nyepesi kuliko uji mzito, basi huishia kunywa kidogo mno, na mkojo ukawa wa rangi nzito.

Sauti ikiwa ya majimaji baada ya kula, akipata homa au akihema kwa shida, acheni kumlisha mumpeleke hospitali mara moja.