Marejesho ya gari la mikate: usiyaweke yote kwenye gharama

"Kampuni yetu ya kuoka mikate imechukua gari la kusambazia kwa malipo ya awamu, na likimaliziwa linakuwa letu. Je, marejesho yote ya mwezi niyaweke kwenye gharama ili kodi ipungue?"

Usijaze ritani kabla hujasoma haya, kwa sababu kosa unalotaka kulifanya nimeshalilipia mimi. Gari letu hapa Tanzania lilikuwa na bei taslimu ya shilingi 30,000,000. Tulitanguliza 6,000,000, na zile 24,000,000 zilizobaki tukazilipa kwa miezi 24, kila mwezi 1,300,000 pamoja na riba. Mhasibu wetu, ambaye kujiamini kwake kulizidi mahesabu yake, aliandika marejesho yote ya mwaka wa kwanza, yaani 15,600,000, kuwa "gharama za gari", kisha akadai na uchakavu wa asilimia 37.5 wa bei nzima ya gari. Mimi nilitia saini huku nikitabasamu, kwani sijawahi kuona kodi ndogo namna ile.

Wakaguzi walipokuja waliuliza swali moja tu: katika kila rejesho, riba ni kiasi gani? Kisheria, mkataba wa aina hii huhesabiwa kama mkopo, na wewe huhesabiwa kuwa mwenye gari. Kwa hiyo sehemu ya riba ndiyo gharama, ilhali sehemu inayopunguza deni ni bei ya gari, na bei hiyo unaidai kupitia uchakavu peke yake. Sisi tulikuwa tumeidai mara mbili. Riba ya mwaka ule ilikuwa takribani 5,170,000, hivyo 10,430,000 zilizobaki zilikataliwa, na kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30 tukadaiwa zaidi ya 3,100,000, mbali na adhabu na riba ya kuchelewa.

Usije pia ukagawanya riba yote, 7,200,000, kwa miezi 24 ukapata 300,000 kila mwezi. Riba hufuata deni lililobaki: kwetu rejesho la kwanza lilikuwa na riba ya kama 531,000, na la mwisho kama 28,000 tu. Ukigawa sawasawa, mwaka wa kwanza utadai 3,600,000 pekee, na mwaka wa pili utadai zaidi ya ulichostahili.

Kampuni iliyotukopesha ilinipa karatasi yenye tarehe na jumla ya kila rejesho tu, na nilipoomba mchanganuo, kijana wa mapokezi alinijibu kwamba "hilo ni la ndani". La ndani, wakati mlipaji ni mimi! Nenda kesho na barua, udai ratiba inayotenganisha riba na deni kwa kila mwezi, tena yenye mhuri. Kabla ya kuipata, usiingize hata rejesho moja vitabuni.