Kamisheni ya ngazi kwa mawakala wa mtaani: jenga hesabu ambayo wakala ataikubali

Ukiajiriwa ofisi ya mauzo hapa Dar, mapema tu utapewa kazi ya kukokotoa kamisheni za mawakala wanaozunguka madukani Mbagala, Tandika, Manzese na kwingineko. Utakabidhiwa viwango vyenyewe vikiwa vimeandikwa kwa mistari mitatu: mauzo ya mwezi hadi milioni 2 ni asilimia 2, kuanzia hapo hadi milioni 5 ni asilimia 3, na kupita milioni 5 ni asilimia 5. Usifungue Excel bado. Mistari hiyo mitatu inasomeka kwa namna mbili, na tofauti yake ndiyo ugomvi wa kila mwisho wa mwezi.

Chukua wakala aliyeuza 5,400,000. Namna ya kwanza, kila sehemu ya mauzo inalipwa kwa kiwango cha ngazi yake. Milioni 2 za mwanzo zinampa 40,000, milioni 3 zinazofuata zinampa 90,000, na laki 4 za juu zinampa 20,000. Jumla ni 150,000. Namna ya pili, akishavuka milioni 5 mauzo yake yote yanalipwa asilimia 5, yaani 270,000. Sasa wakala naye ana simu yenye kikokotoo. Atakuja mezani: "Dada, mimi nimefikisha milioni tano na laki nne. Asilimia tano yake ni laki mbili na sabini, mbona mmeniandikia laki na nusu?" Hajakosea kuzidisha. Amesoma viwango kwa namna ya pili kwa sababu hakuna aliyemwambia vinginevyo. Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine, mpelekee bosi wako mfano huo wa 5,400,000, mwambie achague moja kati ya hizo jumla mbili, na uchaguzi wake uandikwe.

Akikuomba ushauri, mimi ningetetea namna ya kwanza. Katika namna ya pili, aliyeuza 4,990,000 anapata 149,700, na aliyeuza 5,010,000 anapata 250,500. Elfu 20 za mauzo zinamletea zaidi ya laki moja. Hapo ndipo tarehe 29 na 30 utaona oda kubwa zikienda kwa mwenye duka ambaye ameombwa apokee mzigo leo aurudishe wiki ijayo. Utaona pia mawakala wawili, kila mmoja ana milioni 2.7, wanaandika mauzo yote kwa jina la mmoja. Wakiandika kila mtu kwa jina lake, kwa namna ya pili wanapata 162,000 kwa pamoja. Wakiunganisha, wanapata 270,000. Kwa namna ya kwanza ujanja huo ungewaongezea 28,000 tu, kutoka 122,000 hadi 150,000. Kishawishi hakiishi, ila kinapungua sana.

Baada ya hapo jenga. Viwango viweke kwenye karatasi yake, iite Viwango, usivifiche ndani ya fomula. Safu A, kuanzia seli ya A2, iwe mwanzo wa kila ngazi: 0, 2000000, 5000000. Safu B iwe kiwango: 2%, 3%, 5%. Safu C iwe nyongeza ya kiwango juu ya ngazi iliyotangulia: 2%, 1%, 2%. Mauzo ya wakala yakiwa kwenye B2 ya karatasi ya malipo, andika:

```
=SUMPRODUCT((B2>Viwango!$A$2:$A$4)*(B2-Viwango!$A$2:$A$4)*Viwango!$C$2:$C$4)
```

Maana yake ni rahisi. Mauzo yote yanapewa asilimia 2, kinachozidi milioni 2 kinaongezewa asilimia 1, na kinachozidi milioni 5 kinaongezewa asilimia 2 nyingine. Kwa 5,400,000 ni 108,000, kisha 34,000, kisha 8,000. Jumla ni 150,000 ileile. Bosi akibadilisha viwango mwakani, unagusa karatasi moja tu.

Zile alama za dola usizisahau. Ukiivuta fomula kwenda chini bila dola, mstari wa pili utaanza kusoma viwango kutoka A3, na ngazi ya kwanza itapotea. Wakala wa mstari huo mwenye 5,400,000 ataandikiwa 42,000, na mwenye 1,800,000 ataandikiwa sifuri. Dalili ni kwamba aliye juu kwenye orodha yuko sawa na walio chini yake wote wamepunjwa. Ndiyo maana jaribio langu nalifanya kwenye mstari wa mwisho wa orodha, si wa kwanza: naingiza 2,000,000 nikitegemea 40,000, naingiza 5,000,000 nikitegemea 130,000, kisha narudisha namba halisi.

Kosa linalosumbua zaidi ni la kimyakimya, na linatoka kwenye mazoea yetu ya kuandika pesa. Mawakala wanatuma mauzo ya siku kwa WhatsApp, wanaandika 350,000/= na wewe unanakili ulivyotumiwa. Kwa Excel, hiyo alama ya mwisho inageuza namba kuwa maandishi, na SUM inairuka bila kusema neno. Wakala anapoteza mauzo ya siku nzima, pengine na ngazi. Tazama seli zenyewe: namba hukaa upande wa kulia na maandishi hukaa kushoto, kama hujapanga vinginevyo. Kwa uhakika zaidi, weka pembeni =COUNTA(D2:D32)-COUNT(D2:D32) kwenye safu ya mauzo ya kila wakala. Jibu lisipokuwa sifuri, kuna seli zimeachwa nje ya hesabu.

Uliza pia kama lengo linapimwa kabla au baada ya kodi ya ongezeko la thamani. Kwa kodi ya asilimia 18, risiti za 5,900,000 ni mauzo ya milioni 5 kamili bila kodi, na hiyo ni ngazi tofauti.

Kama mnalipa kila wiki, usiweke mauzo ya wiki kwenye fomula ya mwezi. Aliyeuza 1,350,000 kila wiki kwa wiki 4 atalipwa 27,000 mara nne, yaani 108,000, na hatagusa ngazi ya pili hata siku moja ingawa amefikisha 5,400,000. Kokotoa kamisheni ya jumla ya mauzo tangu mwezi uanze, kisha toa ulichokwisha kumlipa.

Mzigo uliorudishwa nao unataka uamuzi. Tuseme wakala wetu alilipwa 150,000 za Juni, na Julai duka likarudisha mali ya 900,000. Ukikokotoa Juni upya kwa 4,500,000 anastahili 115,000, hivyo unamkata 35,000. Ukitoa hizo 900,000 kwenye mauzo ya Julai, makato yanategemea Julai ilivyokwenda: aliyeuza 6,500,000 atakatwa 45,000, na aliyeuza 1,900,000 atakatwa 18,000, kwa mzigo uleule. Mimi naikokotoa Juni upya, kwa kuwa anarudisha kile alicholipwa, bila kuzidi wala kupungua. Lakini hilo linawezekana tu kama fomu ya marejesho ina namba ya risiti ya mauzo ya mwanzo. Bila namba hiyo hutajua mzigo ni wa mwezi gani, kwa hiyo mtu wa ghala asipokee mali iliyorudi mpaka namba iandikwe.