Mgeni anaposita mlangoni: taa au kivuli?

SWALI: Nyumba yangu ipo Kigamboni. Mlango mkubwa unatazama magharibi na unafungukia moja kwa moja sebuleni. Wageni wa mchana husimama mlangoni wakisema ndani giza, na mama mkwe alijikwaa kizingitini. Madirisha ni makubwa. Niongeze taa?

JIBU: Ndugu, taa hazitakusaidia sana. Jua la adhuhuri hufikia luksi 100,000 hivi, ilhali sebule yenye madirisha mazuri huwa na mia chache tu. Jicho lililotoka juani huhitaji dakika kadhaa kuzoea, nawe unalidai lizoee kwa hatua moja. Ukiongeza luksi mia mbili, tofauti itabaki ileile. Kinachokosekana ni mahali pa mwanga wa kati.

Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walilijua hili. Anayetoka njiani huingia kwanza kwenye daka, kibaraza kilichoezekwa chenye viti vya mawe pande mbili. Hapo hupiga hodi akiwa kivulini, na akisubiri ana pa kukaa. Ndani ya mlango njia hupinda, hivyo wapita njia hawaoni familia, kisha hufunguka kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, kinachopokea mwanga kutoka juu. Kile kiza kifupi hakitishi, kwa sababu mbele yake kuna mwanga unaomvuta mtu.

Kwako, jenga kibaraza chenye kina cha mita 1.8, na ukingo wa paa usizidi mita 2.4 kutoka sakafuni. Kwa mlango wa magharibi hicho pekee hakitoshi. Saa mbili hivi kabla ya machweo jua huwa takribani nyuzi 30 juu ya upeo, na miale itapita chini ya paa na kupiga mlango hadi kimo cha mita 1.36. Kwa hiyo ziba sehemu ya mbele kwa matofali ya matundu au mmea unaotambaa, na uweke njia ya kuingilia ubavuni. Sakafu ya kibaraza isiwe vigae vyeupe vinavyong'aa, maana vitarudishia macho mwanga uleule uliotaka kuukata. Saruji ya kijivu inafaa.

Ndani, chagua ukuta anaoutazama mgeni mlango unapofunguka, uupake rangi nyeupe na uufungulie dirisha pembeni ili mwanga uteleze juu yake. Dirisha likiwa moja kwa moja mbele yake, litamuumiza macho, nawe unayemkaribisha utaonekana kivuli kisicho na uso. Kama vioo vyako ni vya tinti, vibadilishe kwanza. Mara nyingi ndivyo vinavyokula mwanga wa madirisha makubwa.

Kuhusu mama mkwe: ukingo wa kivuli ulioangukia karibu na kizingiti humfanya mtu asione palipoinuka. Sawazisha sakafu mlangoni, kidato ukipeleke ukingo wa nje wa kibaraza, na ncha yake uipake rangi tofauti na sakafu.