Ukiiondoa SL kwenye dhahabu: yaliyomkuta wifi yangu

"Wakuu, kila nikiweka SL kwenye XAUUSD inapigwa, halafu bei inageuka kuelekea kulekule nilikotaka. Nikiiondoa nikawa naikaba kwa macho tu, kuna ubaya gani?"

Mkuu, macho yanalala. Wifi yangu aliingia dhahabu Ijumaa ya tarehe 6 Agosti 2021, akaunti ikiwa na dola 400, pesa ya kuongezea mzigo wa vitenge dukani. Alinunua loti 0.02 kwenye 1,800, SL, yaani amri ya kufunga biashara yenyewe bei ikifika kiwango cha hasara ulichopanga, akaiweka 1,796. Loti 0.01 ya dhahabu kwa kawaida ni wakia moja, kwa hiyo hapo ana wakia mbili, na kila wakia inaweza kumla dola nne. Akikosea, zinaondoka dola 8. Mpaka hapo sikuwa na neno.

Saa tisa na nusu alasiri zikatoka takwimu za ajira za Marekani: ajira mpya 943,000, nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Ajira zikiwa nyingi, watu wanategemea riba kupanda. Dhahabu haimlipi mtu riba, basi wanaiuza na kukimbilia dola. Kwenye chati ukashuka mshumaa mwekundu. Kabla haujagusa 1,796, wifi akaweka kidole kwenye mstari wa SL akauburuta hadi 1,790.

"Wifi, hizi ni kelele za habari tu, itarudi."

Haikurudi. Akauburuta tena hadi 1,780, kisha akaufuta kabisa. Bei ilipofika 1,775 akanunua nyingine 0.03 ili kushusha wastani. Wastani ulishuka kweli, ukawa 1,785, lakini sasa alikuwa na wakia tano badala ya mbili. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko hata kuifuta SL: kila dola moja iliyoshuka ilimtoa dola tano. Soko lilifungwa saa sita usiku bei ikiwa karibu 1,763, hasara dola 110. Nikamwambia afunge. Akanijibu kwamba hasara si hasara mpaka uifunge, maneno ambayo sijui nani huwafundisha watu.

Soko lilifunguliwa Jumatatu saa saba usiku kwa saa zetu. Japani na Singapore walikuwa sikukuu, wanunuzi wachache, na kuelekea saa nane ukaporomoka mzigo mkubwa wa mauzo. Ndani ya dakika chache dhahabu ilikuwa chini ya 1,700. Wifi amelala. Bei ilipopita 1,707 hivi, akaunti haikuwa na uwezo tena wa kubeba zile wakia tano na mfumo wa broka ukazifunga zenyewe. Zikabaki dola zisizofika kumi. Baadaye bei ilipanda tena juu ya 1,720, lakini yeye hakuwa tena sokoni.

Nisikudanganye kwamba SL ingemfunga kwenye 1,796 kamili. Wakati wa habari spredi, lile pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, hutanuka na bei huruka. Pengine angefungwa 1,794 na kupoteza dola 12 badala ya 8. Bado angeamka Jumatatu na akaunti yake.

Aliporudi sokoni alibadilisha mpangilio. Zamani alichagua loti kwanza, SL akaibana ilingane na hasara anayoiweza. Sasa anaanza kwenye chati: atafute mahali ambapo bei ikifika, wazo lake limekufa. Tuseme ni dola nane chini. Kisha anagawa:

```
loti = hasara / (umbali * 100)
8 / (8 * 100) = 0.01
```

Hasara ni zilezile dola 8, ila bei imepewa nafasi ya kupumua mara mbili. Mstari anaruhusiwa kuusogeza kuifuata faida tu. Kuongezea juu ya hasara, marufuku.

Siku moja nikiwa dukani kwake SL ilipigwa, bei ikashuka dola moja tu zaidi, ikageuka ikapanda hadi pale alipopanga kuchukua faida. Aliguna, akaandika kwenye daftari "imepigwa, sikugusa", akamgeukia mteja kumpimia kitambaa. Huko nyuma angeingia upya kwa loti kubwa kwa hasira.

Wewe fungua historia ya biashara zako, uangalie bei ilikwenda wapi baada ya kila SL kupigwa. Kama mara nyingi ilizidi kwa dola moja au mbili ndipo ikageuka, SL yako iko ndani ya mtikisiko wa kawaida wa dhahabu: isogeze mbali kabla hujaingia na upunguze loti. Ukikuta ni 0.01 tayari na hasara bado inakuzidi, biashara hiyo iache, ni kubwa kwa akaunti yako. Na kama bei iliendelea kwenda zake, SL haina kosa. Angalia unaingilia wapi.