Mrejesho baada ya usaili wa majaribio: mambo ya kuhakiki kabla mhitimu hajaondoka

Wewe unayeanza kuwaandaa vijana waliomaliza chuo kwa usaili wa mahojiano, jambo la kwanza la kuhakiki ni karatasi yako mwenyewe. Je, umeandika maneno aliyoyatamka kijana, au umeandika maoni yako juu yake? Ukikuta umeandika "hajiamini" au "hajajiandaa", huna cha kumpa, kwa sababu hawezi kurekebisha sifa aliyobandikwa. Anachoweza kurekebisha ni jibu alilolitoa. Kwa hiyo, wakati wa usaili, andika swali, kisha sentensi mbili tatu za jibu kama zilivyotamkwa.

Chukua mfano wa binti mwenye shahada ya uhasibu anayejiandaa kuomba nafasi ya Mhasibu Daraja la II. Anaulizwa aeleze kazi moja ya hesabu aliyoifanya mwenyewe wakati wa mafunzo kwa vitendo, naye anajibu: "Tulikuwa tunasaidia kwenye usuluhishi wa benki, na tulijifunza mengi sana." Usuluhishi wa benki ni kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki hadi salio la pande zote mbili lilingane. Jibu hilo si la uongo, lakini jopo haliwezi kulipa alama nzuri, maana neno "tulikuwa" linamficha mtendaji, "tunasaidia" linaificha kazi, na "mengi" hayataji hata jambo moja.

Kabla hujasema lolote, mwulize ni jibu gani angependa kulirudia na kwa nini. Mara nyingi atalitaja lile lile uliloliwekea alama, na hapo kazi yako inakuwa nyepesi. Akitaja jingine, lisikilize hilo kwanza, kwa kuwa huenda linamsumbua kiasi kwamba hatasikia utakayoyasema baadaye. Kisha msomee maneno yake kutoka kwenye karatasi yako, bila kuyapamba wala kuigiza sauti yake, na umweleze msaili alikosa kusikia nini.

Hatua inayofuata ndiyo inayohitaji subira zaidi, kwa sababu mshauri mgeni hushawishika kumtungia jibu. Usimtungie. Muulize: Wewe mwenyewe ulishika karatasi gani? Ulilinganisha nini na nini? Ulikuta tofauti gani? Binti wetu, akiulizwa hivyo, anakumbuka kwamba daftari la fedha lilikuwa na salio la shilingi 4,850,000, ilhali taarifa ya benki ilionyesha 5,212,000. Alipopitia mstari kwa mstari alikuta hundi ya 380,000 ambayo mlipwaji hakuwa ameiwasilisha benki, pamoja na makato ya benki ya 18,000 ambayo hayakuwa yameingizwa kwenye daftari. Alipotoa hundi hiyo kwenye salio la benki, na makato kwenye salio la daftari, pande zote mbili zilifika 4,832,000, naye akaandaa taarifa ya usuluhishi na kuipeleka kwa mhasibu aliyekuwa akimsimamia. Hilo ndilo jibu, na alikuwa nalo tangu mwanzo.

Mwache alitamke tena papo hapo, lote, kwa muda usiozidi dakika 2. Ukimwambia akalifanyie mazoezi nyumbani, hutajua kama mrejesho wako umemsaidia. Sikiliza kama anasema "nililinganisha" badala ya "tulisaidia", na kama anafika kwenye matokeo kabla pumzi haijamwishia.

Hakiki pia kwamba hujagusa zaidi ya mambo mawili kwa kikao kimoja. Sauti ndogo, mavazi na namna ya kukaa vinaweza kusubiri kikao kingine, isipokuwa kama sauti haikusikika kabisa. Na kama hujui uhasibu, usihukumu usahihi wa hesabu zake. Mtafute mhasibu amsikilize, nawe ubaki kwenye namna jibu lilivyojengwa.

Lipo jambo ambalo naliona ni gumu kuliko yote katika mazingira yetu. Kijana aliyekuamkia kwa heshima hatakuambia kwamba hajakuelewa. Ukimwuliza "umeelewa?", atajibu ndiyo, na jibu hilo halikuthibitishii chochote. Badala yake mwombe akueleze kwa maneno yake atakachobadilisha katika jibu lake, na akirudia maneno yako neno kwa neno, elewa kwamba bado.

Mwisho, pangeni kikao cha pili na umwombe mtu mwingine awe msaili, aulize jambo lile lile kwa sura nyingine, kwa mfano: "Ungefanya nini kama hundi ile ingekaa miezi 6 bila kuwasilishwa?" Aliyekariri atarudi kwenye hadithi yake ya mwanzo, ilhali aliyeielewa kazi yake ataeleza kwamba hundi huchakaa, yaani hupitwa na muda wake wa kulipwa, na kwamba angewasiliana na mlipwaji kabla ya kuomba kibali cha kuifuta kwenye daftari.