Faida yangu kubwa, mbona shemeji ndiye anafungua duka la pili?

Swali: "Mimi na shemeji yangu tunauza vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani, Tanga, mitaa tofauti. Mwaka jana niliuza milioni 180, faida milioni 18. Yeye kauza milioni 240, faida milioni 16.8. Mbona yeye ndiye anafungua duka la pili, mimi hata mzigo nakopa? Hesabu zetu zote nimeziambatanisha."

Mkuu, faida iweke pembeni kwanza, tutazame pesa iliyokaa dukani ili hiyo faida ipatikane. Kwako kuna mzigo wa milioni 62, madeni ya wateja milioni 30, shelfu na guta milioni 8. Toa milioni 10 unazodaiwa na wauzaji wa jumla, mtaji unaotumika ni milioni 90. Kwa shemeji, kwa hesabu hiyo hiyo, ni milioni 40 tu.

Kabla ya kugawanya, kuna jambo moja la kurekebisha. Umesema fremu ya shemeji ni ya familia na halipi kodi ya pango. Hiyo siyo akili ya biashara, ni bahati ya kuzaliwa. Ukimkata laki 2 kwa mwezi kama wapangaji wa jirani yake, milioni 2.4 zinatoka na faida yake inabaki milioni 14.4. Sasa mnaweza kulinganishwa. (Tumia faida kabla ya riba na kodi ya mapato, maana tunapima duka, siyo mkopo wa mtu.)

Wewe: 18 kwa 90, yaani asilimia 20. Yeye: 14.4 kwa 40, asilimia 36. Kila shilingi 100 iliyolala kwake inamletea 36 kwa mwaka, yako inaleta 20.

Asilimia hiyo huwa na vipande viwili, na ukivizidisha unairudia ile ile:

faida ÷ mtaji = (faida ÷ mauzo) × (mauzo ÷ mtaji)

Kwako ni asilimia 10 mara mizunguko 2. Kwake ni asilimia 6 mara mizunguko 6. Kwa hiyo ni kweli unamzidi faida kwa kila unachouza, ila pesa yake imeshakwenda na kurudi mara sita wakati yako imerudi mara mbili.

Tuingie ndani ya hiyo asilimia 10. Faida yako ghafi ni asilimia 20 ya mauzo, yake 12, kwa sababu wewe umejaza koki, rangi na vitasa, yeye anasukuma saruji na nondo ambazo kila mtu anajua bei yake. Unamwacha pointi 8. Lakini matumizi yako ni asilimia 10 na yake, baada ya pango, ni 6, kwa hiyo nusu ya ushindi wako imeishia hapo. Matumizi yenu yanapishana milioni 3.6 kwa mwaka. Angalia daftari lako: stoo ya nyuma unalipa laki 3 kwa mwezi. Ni hizo hizo milioni 3.6! Mzigo usiotoka umekula mtaji, halafu umekula na faida.

Mzigo wako unakaa takriban siku 157 kabla ya kuuzwa, wake siku 52. (Gawanya mzigo kwa gharama ya mali iliyouzwa, zidisha 365.) Mimi nina duka Pongwe, na kila boksi linaloingia nalibandikia mwezi kwa kalamu nene. Ukipita kwenye shelfu unaona mara moja vitasa vya mwaka juzi vimekaa mbele ya vya juzi. Huku pwani misumari haisubiri, inaota kutu kwenye boksi, na saruji iliyolala chini bila mbao inaganda pembeni.

Madeni nayo: pesa yako inakaa kwa mafundi siku 61, yake siku 9.

Ukishusha mzigo hadi milioni 40 na madeni hadi 12, mtaji unabaki 50 na stoo unairudisha. Usijidanganye kwamba mauzo yatabaki pale pale, wapo mafundi watakaohama ukikaza mkopo. Tuseme umepoteza mauzo ya milioni 20. Faida ghafi inapungua milioni 4, stoo inakurudishia 3.6, faida inakuwa milioni 17.6. Kwa mtaji wa 50 hiyo ni asilimia 35, karibu sawa na shemeji, na milioni 40 ziko mkononi.

Ila usikate koki zote. Fundi akikosa kiungio cha shilingi elfu moja kwako, na saruji atanunua huko atakakokipata. Kata aina tano za kitasa zibaki mbili.

Halafu tuambie mzigo uliuhesabu mwezi gani, na kwa bei ipi. Kama ni katikati ya masika, ujenzi umelala na stoo imejaa, milioni 62 zitakuwa zimezidi hali ya kawaida, chukua wastani wa miezi kadhaa. Na uhesabu kwa bei ya kununulia, siyo ya kuuzia.